Umetumiwa ujumbe wa kuwa wakala wa vipodozi? Fanya hesabu kabla hujatuma pesa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Likoni mpaka Lungalunga. Maneno hubadilika kidogo, lakini umbo ni lile lile. Huu hapa tumeutunga kwa mfano wa jumbe hizo:

"Dada, umechoka kungoja mshahara? Kuwa wakala wa kremu zetu za ngozi ukiwa nyumbani. Faida hadi asilimia 40! Seti ya kuanzia ni 6,000 tu, ina bidhaa za 8,000. Ukileta mwenzako unapata 500 papo hapo. Zimebaki nafasi 5 Kwale. Tuma leo."

Wakala hapa si yule wa kuweka na kutoa pesa. Ni mtu anayenunua kremu kwa bei ya jumla na kuziuza rejareja kwa jina la kampuni. Ni kazi halali na wako wanaoila vizuri. Shida ni kwamba ujumbe husomwa na wengi, lakini masharti hutumwa baadaye, na ndani ya masharti ndimo hesabu ilimo.

Tuseme masharti yanasema hivi: punguzo la wakala mpya ni asilimia 25, na asilimia 40 ni kwa anayenunua mzigo wa 30,000 kwa mwezi. Usafiri ni juu yako. Bidhaa ikishanunuliwa hairudi, ila iliyovunjika hubadilishwa ndani ya siku 7. Kila mwezi ununue angalau za 3,000, la sivyo unaondolewa.

Sasa tumchukue dada anayeishi Ukunda. Seti yake ina makopo 10, na kila kopo linauzwa 800. Jumla ni 8,000, naye amelipa 6,000. Ile "zawadi" ya 2,000 ndiyo faida yake yenyewe, hakuna cha ziada. Kifurushi kuja kutoka Nairobi, tuseme 350. Ada za kutuma na kutoa pesa, tuseme 100. Kabla hajauza hata kopo moja, ametoa 6,450.

Kopo moja atalifungua, manake hakuna mtu atakayenunua kremu ya mkononi bila kuinusa na kuipaka kidogo. Yamebaki 9. Wateja wake wako Diani na Ukunda, na boda ya kumpelekea kila mmoja inamtoka 50. Kwa hiyo kila kopo linamwingizia 750. Makopo 8 ni 6,000, bado hajarudisha pesa yake. Kopo la tisa ndilo la faida: 6,750 toa 6,450, amebaki na 300. Akiuza 7 tu, ana hasara ya 1,200 na makopo mawili kabatini ambayo kampuni haiyachukui.

Mabadiliko mawili yanageuza hesabu hii yote. Kampuni ikitoa sampuli yake, na mteja akilipa boda mwenyewe, makopo 10 yanaleta 8,000 na faida inafika 1,550. Kwa hiyo hayo mawili ndiyo ya kuzungumzia na anayekuandikisha, kabla ya kuvutiwa na asilimia.

Halafu kuna lile sharti la 3,000 kila mwezi, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalowaumiza watu zaidi. Kwa bei yake, 3,000 ni makopo 5. Lakini kopo la kremu ya uso huweza kumchukua mtumiaji kama miezi miwili. Ili makopo 5 yatoke kila mwezi, anahitaji wateja 10 wa kudumu, sio marafiki 10 walionunua mara moja kumuunga mkono. Na ile asilimia 40? Kwa 600 kila kopo, mzigo wa 30,000 ni makopo 50 kwa mwezi. Hao ni wateja 100 wa kudumu. Wahesabu unaowajua Msambweni nzima kisha uamue.

Usisahau msimu pia. Wateja wengi wa Diani wanategemea hoteli, na kuanzia Aprili mpaka Juni, masika yakianza, wageni hupungua na wafanyakazi wengi wa hoteli hurudishwa nyumbani. Aliyechukua kremu kwa deni mwezi wa tatu akiahidi kulipa mwisho wa mwezi huenda asionekane mpaka Julai. Sharti la kila mwezi halijui masika. Uliza kama unaweza kusimama miezi mitatu bila kuondolewa.

Zile 500 za kuleta mwenzako ziangalie zinatoka wapi. Zikitoka kwenye mauzo ya yule uliyemleta, hiyo ni komisheni. Zikilipwa "papo hapo", kabla hajauza chochote, basi zinatoka kwenye ile 6,000 aliyolipa. Dada wetu mwenye hasara ya 1,200 angehitaji kuleta watu watatu ili atoke, na hao watatu wangeuza kremu zile zile kwa majirani wale wale. Swali rahisi la kumuuliza anayekuandikisha: nisipoleta mtu yeyote, nitapata ngapi?

Kuhusu bidhaa yenyewe, kumbuka mteja akiungua uso atabisha mlango wako, sio wa Nairobi. Kenya hairuhusu vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, na hizo ndizo hupatikana kwenye kremu za kung'arisha zinazoahidi matokeo ndani ya siku chache. Kopo lisilo na orodha ya viungo, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho, usilichukue hata bure. Kwa bidhaa ya hapa nchini yenye alama ya ubora ya KEBS, tazama namba ya kibali chini ya alama, kisha tuma ujumbe mfupi kwenda 20023 ukiandika hivi, na namba hiyo mahali pa nukta:

```
SM#......
```

Jibu likija na jina la kampuni nyingine au bidhaa nyingine, umejua. Uliza pia tarehe za mwisho za mzigo unaoletewa, kwa sababu kremu iliyobakiza miezi minne haitakusubiri upate wateja.

Sasa malipo. Kampuni iliyosajiliwa huwa na namba ya biashara, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha liwe la kampuni. Likitokea jina la mtu binafsi, simama hapo. "Ni mhasibu wetu" si jibu, omba namba ya biashara. Ukishatuma na aliyepokea akazitoa, sisi hatuna pesa ya kukurudishia. Tunaweza kuzuia tu kilichobaki kwake. Na fomu ya usajili ikiomba namba yako ya siri, futa mazungumzo yote.

Kama bado unaipenda kazi hiyo, mjibu hivi: "Asante dada. Naomba masharti kwa maandishi, na namba ya biashara yenye jina la kampuni. Naweza kuanza na makopo 3 badala ya seti? Nisipouza, mnachukua yaliyofungwa? Sharti la kila mwezi linaanza lini?" Wenye biashara hujibu, hata kama jibu la makopo 3 ni hapana. Mwingine atakwambia tu nafasi zimebaki 2, naye hajagusa swali hata moja.