Utofautishaji: Kanuni ipi, na alama ya hasi inapotea wapi?

Sehemu hii ni ya mtahiniwa wa Hisabati ya Ziada (042), Kidato cha Nne. Karatasi yenyewe utaisoma kwa Kiingereza, lakini herufi na alama ni zile zile: dy/dx ni dy/dx popote. Kanuni za kutofautisha ni chache, na watahiniwa wengi wanazikumbuka. Alama zinapotea kwa sababu mbili: kuchagua kanuni isiyofaa, na kudondosha alama ya hasi katikati ya njia. Tuanze na ya kwanza.

Uliza: tendo la mwisho ni lipi?

Ukipewa y, usikimbilie kalamu. Jifanye umeambiwa x = 1 na unatakiwa ukokotoe y. Tendo utakalolifanya mwisho kabisa ndilo linalokuambia kanuni ya kuanza nayo.

Kwa y = x³ − 5x + 7, tendo la mwisho ni kujumlisha na kutoa. Basi kila kipande kinashughulikiwa peke yake, kwa kanuni ya kipeo. Kwa y = (24 − 2x)², unakokotoa ndani ya mabano kwanza, kisha unapandisha kwenye kipeo. Tendo la mwisho ni kipeo juu ya mabano, kwa hiyo ni kanuni ya mnyororo. Kwa y = x(24 − 2x)², mwisho kabisa unazidisha x na kile kilichopatikana. Hiyo ni kanuni ya zao, na ndani yake mnyororo utahitajika pia. Kwa y = (3x − 1)/(x² + 2), mwisho unagawanya: kanuni ya mgawanyo.

Hizi hapa, za kutazama haraka:

Kipeo: y = axⁿ, dy/dx = naxⁿ⁻¹

Zao: y = uv, dy/dx = u(dv/dx) + v(du/dx)

Mgawanyo: y = u/v, dy/dx = [v(du/dx) − u(dv/dx)] / v²

Mnyororo: y = (mabano)ⁿ, dy/dx = n(mabano)ⁿ⁻¹ × (dy/dx ya kilicho ndani ya mabano)

Kuhusu zao, usijaribu kutofautisha u na v kila moja kivyake halafu uzidishe majibu. Leibniz, aliyetuachia alama ya dy/dx, alijiuliza jambo hilo hilo mwaka 1675 katika karatasi zake, akaona kwamba haliwezekani. Jaribu mwenyewe: x² ni x × x. Ukitofautisha kila x unapata 1 × 1 = 1, na wewe unajua jibu ni 2x.

Kipeo hasi

Sehemu kama 3/x² haihitaji kanuni ya mgawanyo. Kiasi, yaani namba ya juu, hakina x, kwa hiyo pandisha x juu kwanza: y = 3x⁻². Sasa tumia kipeo: dy/dx = −6x⁻³.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kuandika −6x⁻¹, kwa sababu jicho limeona 2 na kupunguza 1. Kipeo ni −2, na −2 − 1 = −3. Kipeo hasi kikipunguzwa 1 kinazidi kwenda mbali na sifuri. La pili ni kusahau ile hasi ya mbele na kuandika 6x⁻³. Kulikamata ni rahisi: kwa x iliyo chanya, 3/x² inapungua kadiri x inavyokua, kwa maana unagawanya kwa namba kubwa zaidi. Kitu kinachopungua lazima mteremko wake uwe hasi.

Vivyo hivyo, asili ikiwa na kipande kimoja tu, gawanya kwanza. Ukipewa y = (6x⁴ − 5x)/x², andika y = 6x² − 5x⁻¹, kisha dy/dx = 12x + 5x⁻². Ile jumlisha imetoka kwenye −5 × −1. Iandike hatua hiyo, usiifanye kichwani.

Fundi bati na hasi iliyo ndani ya mabano

Swali ninaloliona kuwa bora kuliko yote kwa kupima alama ni hili, maana kosa moja dogo linaharibu kila kitu kinachofuata.

Swali: Fundi bati wa Kaloleni, Arusha, ana kipande cha bati cha mraba chenye upande wa sentimita 24. Anakata mraba mdogo wenye upande wa sentimita x kwenye kila pembe, kisha anakunja pande nne juu apate chombo kisicho na mfuniko. Tafuta x itakayotoa ujazo mkubwa kuliko wote.

Kila upande wa kitako umepoteza x mara mbili, kwa hiyo upande wa kitako ni 24 − 2x, na kimo ni x. Ujazo:

V = x(24 − 2x)²

Kabla ya kuendelea andika mipaka: x lazima izidi 0 na iwe chini ya 12. Ikifika 12 hakuna kitako kilichobaki. Mstari huu mfupi utakuokoa baadaye.

Tendo la mwisho ni kuzidisha, basi u = x na v = (24 − 2x)².

du/dx = 1

dv/dx = 2(24 − 2x) × (−2) = −4(24 − 2x)

Hapo kwenye × (−2) ndipo penye hatari. Ni dy/dx ya kilicho ndani ya mabano, na ndani kuna −2x. Mtahiniwa mwenye haraka huandika × 2, au haandiki chochote. Endelea:

dV/dx = x × [−4(24 − 2x)] + (24 − 2x)²

Usifungue mabano. Toa (24 − 2x) nje, kwa sababu unachotaka ni mahali dV/dx inapokuwa sifuri:

dV/dx = (24 − 2x)(24 − 2x − 4x) = (24 − 2x)(24 − 6x)

Ikiwa sifuri, x = 12 au x = 4. Kumi na mbili iko nje ya mipaka. Inabaki x = 4, na V = 4 × 16² = 1,024. Fundi anapata chombo cha sentimita za ujazo 1,024, yaani lita moja na kidogo.

Sasa tazama aliyeandika +4(24 − 2x). Yeye anapata (24 − 2x)(24 + 2x), na majibu yake ni x = 12 au x = −12. La kwanza ni chombo kisicho na kitako, la pili ni kukata urefu ulio hasi. Swali la namna hii linakupa kengele ya bure: kama hakuna jibu hata moja lililo ndani ya mipaka, usitafute maelezo. Rudi kwenye mabano ukaitafute hasi.

Bado hujathibitisha kwamba 4 inatoa ujazo mkubwa. Hapa ndipo mahali pa kufungua mabano: dV/dx = 576 − 192x + 12x². Tofautisha tena:

d²V/dx² = −192 + 24x

Kwa x = 4 tunapata −96. Hasi maana yake kilele, yaani ujazo mkubwa. Wengi hugeuza hili kwa kuwa neno hasi linasikika kama udogo. Mfikirie mtu anayepita juu ya kilima: kwanza anapanda (mteremko chanya), kisha sifuri kileleni, kisha anashuka (hasi). Mteremko umekuwa ukipungua muda wote, na ndiyo sababu badiliko lake ni hasi.

Mgawanyo: kutoa kunakogusa mabano yote

Chukua y = (3x − 1)/(x² + 2). Hapa u = 3x − 1, du/dx = 3; v = x² + 2, dv/dx = 2x.

dy/dx = [(x² + 2)(3) − (3x − 1)(2x)] / (x² + 2)²

Kiasi kinafunguka hivi: 3x² + 6 − 6x² + 2x = −3x² + 2x + 6.

Kosa la kawaida ni kuandika −2x badala ya +2x. Ile alama ya kutoa iliyo katikati inagusa kila kitu kinachoifuata, na −(−1)(2x) ni +2x. Acha mabano yabaki kwenye mstari wa kwanza, uyafungue kwenye mstari wa pili. Asiyeandika mabano hana cha kumkumbusha.

Mpangilio nao ni muhimu. Ukianza na u(dv/dx) badala ya v(du/dx), alama ya jibu zima inageuka. Kwenye zao hakuna shida, kwa kuwa kujumlisha hakujali nani katangulia. Kwenye mgawanyo anza na asili.

Kama karatasi yako inaruhusu kalkuleta na una dakika moja, pima jibu. Kwa x = 1, y = 2/3, karibu 0.6667. Kwa x = 1.01, y ni karibu 0.6722. Tofauti ni 0.0055, gawanya kwa 0.01 upate 0.55. Jibu letu kwa x = 1 ni 5/9, yaani 0.556: zinakaribiana. Mwenye −2x angepata 1/9, yaani 0.11. Usipime kwa x = 0, maana hapo 2x inatoweka na kosa linajificha.

sin na cos

Ya sin x ni cos x. Ya cos x ni −sin x. Hasi iko kwa cos peke yake. Mnyororo unaendelea kama kawaida: kwa y = cos(1 − 2x), dy/dx = −sin(1 − 2x) × (−2) = 2sin(1 − 2x). Hasi mbili zimekutana, na anayedondosha moja anabaki na jibu lenye sura nzuri lakini alama isiyo sahihi. Kanuni hizi ni za radiani, si za digrii.

Jipime

1. y = (5 − 3x)⁴
2. y = 4/x − 2/x³
3. y = x²/(1 − x)
4. Fundi yule yule ana bati la mraba wa sentimita 30. Tafuta x na ujazo mkubwa.

Majibu

1. −12(5 − 3x)³. Hasi inatoka ndani ya mabano.
2. −4x⁻² + 6x⁻⁴
3. Kiasi ni (1 − x)(2x) − x²(−1) = 2x − x², asili ni (1 − x)². Ukipata 2x − 3x², umesahau kwamba dv/dx ni −1.
4. dV/dx = (30 − 2x)(30 − 6x); x = 5, ujazo ni sentimita za ujazo 2,000.