SOMO: WANUNUZI WANAPOTELEA WAPI?

Ndugu wanakikundi, tuchukue mfano: kikundi cha Tabaka, Kisii, kinauza vinyago vya mawe ya sabuni kwa mtandao. Picha ya skrini ya simu yao inaonyesha:

Waliotazama ukurasa: 400 (100%)
Waliofungua kinyago: 200 (50%)
Walioagiza: 40 (10%)
Waliolipa: 30 (7.5%)

Wengi watasema hatua mbovu ni ya kwanza, maana watu 200 wamepotea. Hapana! Asilimia hizo zote zimehesabiwa kutoka wale 400 wa mwanzo. Sisi tugawe waliopotea kwa walioingia hatua ileile, tuzidishe kwa 100.

Kutazama hadi kufungua: 200 kati ya 400, yaani 50%.
Kufungua hadi kuagiza: 160 kati ya 200, yaani 80%.
Kuagiza hadi kulipa: 10 kati ya 40, yaani 25%.

Basi udhaifu uko kwenye kuagiza. Tukitoa pesa za matangazo, wageni wapya nao watapotelea palepale. Lakini picha haisemi sababu. Jiwe ni zito. Pengine gharama ya kulituma inawatisha. Tuwaulize wateja wachache, tubadilishe jambo moja tu, kisha tuhesabu tena.

Zoezi kwa vikundi vya Nyamira: watu 50 waliulizia ndizi, 20 wakakubali bei, 15 wakanunua. Hatua gani ni dhaifu?