Zuhura kwenye digrii ya 15 ya Mbuzi: jinsi ninavyosoma utatu na mipaka

Desemba iliyopita, Jamhuri Dei ilipokaribia, nililipa shilingi 1,500 kwa M-Pesa ili nitumiwe ripoti ya ramani ya nyota ya Kenya: usiku wa manane kuingia tarehe 12 Desemba 1963, Nairobi, bendera ya Uingereza ikishuka na yetu ikipanda pale Uhuru Gardens. Nina duka dogo la vitabu na fotokopi hapa Sotik, na alasiri za mvua, wakati malori ya majani chai yanapopita yakitapanya matope hadi mlangoni, wateja huwa ni wa kuhesabu. Hapo ndipo mimi hupata muda wa mambo haya. Ripoti ilikuja na rangi zote za upinde wa mvua, kurasa nyingi, na kwenye ukurasa wa Zuhura sentensi moja ya kukata: “Zuhura ni mgeni, hana hadhi yoyote.”

Nilimwandikia muuzaji kwamba hilo haliwezi kupita hivihivi. Akajibu, “Bosi, mfumo haukosei.” Nikamuuliza mfumo upi. Akanitumia emoji ya mikono iliyoshikana na tangazo la kozi yake ya shilingi 6,000.

Basi nimeamua kuandika hatua zangu mwenyewe. Kama bado hujui burji 12 na sayari gani inamiliki ipi, anza huko kwanza, maelezo yamejaa kila mahali. Ninachotaka kueleza ni tabaka mbili ambazo wauzaji wengi huziruka. Wataalamu wa zamani walipima hadhi ya sayari kwa ngazi tano: nyumba yake, utukufu wake, utatu, mipaka, na uso. Waliopenda hesabu waliipa kila ngazi alama, kuanzia 5 kushuka hadi 1. Al-Qabisi, mnajimu wa karne ya 10, alizieleza kwa mfano ambao siwezi kuuboresha: sayari iliyo nyumbani kwake ni mtu katika nyumba yake, iliyo katika utatu wake ni mtu kati ya wasaidizi wake, na iliyo katika mpaka wake ni mtu kati ya jamaa zake. Wauzaji hukuuzia nyumba na utukufu tu kwa sababu hizo mbili huonekana kwa kutazama burji peke yake. Zilizobaki zinataka ujue kama ni mchana au usiku, na sayari imefika digrii ya ngapi.

Hatua ya kwanza, basi, ni mchana au usiku. Kama Jua liko juu ya upeo, ramani ni ya mchana. Kama liko chini, ni ya usiku. Usiku wa uhuru Jua lilikuwa digrii ya 19 ya Mshale, chini kabisa ya miguu ya umati. Hakuna ubishi.

Hatua ya pili ni utatu. Burji 12 zimegawanywa katika makundi manne ya tatu tatu, moto, udongo, hewa na maji, na kila kundi lina mabwana watatu. Mmoja anatawala mchana, mwingine usiku, wa tatu ni mshiriki wa wote wawili. Mpangilio ninaoufuata ni wa Dorotheus wa Sidoni, wa karne ya 1, ambaye kitabu chake kimetufikia kwa sehemu kubwa kupitia tafsiri ya Kiarabu. Kwenye moto mchana ni Jua, usiku ni Mshtarii, mshiriki ni Zohali. Kwenye udongo mchana ni Zuhura, usiku ni Mwezi, mshiriki ni Mirihi. Kwenye maji mchana ni Zuhura, usiku ni Mirihi, mshiriki ni Mwezi. Hewa haituhusu leo.

Mtazame Mshtarii wa usiku ule. Alikuwa kwenye digrii ya 9 ya Kondoo, burji ya moto. Kondoo si nyumba yake wala si mahali pa utukufu wake, kwa hiyo msomaji wa haraka angempita. Lakini ni usiku, na usiku moto ni wake. Ana alama 3 ambazo angezikosa kama bendera ingepandishwa adhuhuri. Ripoti yangu ililiona hilo, lazima niseme ukweli. Kwa hiyo programu ilijua kwamba ni usiku. Hapo ndipo hasira zangu juu ya Zuhura zilipogeuka kuwa udadisi.

Zuhura alikuwa digrii ya 15 ya Mbuzi, na Mbuzi ni burji ya udongo. Hatua ya tatu, mipaka, ndiyo iliyonikalisha na kalamu hadi giza likaingia. Kila burji ina digrii 30, na hizo zimekatwa vipande vitano visivyo sawa, kila kimoja mali ya sayari moja kati ya tano. Jua na Mwezi hawamo. Kwa jedwali linaloitwa la Kimisri, Mbuzi inakatwa hivi: digrii 7 za mwanzo za Zebaki, 7 zinazofuata za Mshtarii, kisha 8 za Zuhura, 4 za Zohali na 4 za Mirihi. Maana yake Zuhura anamiliki kuanzia 14 hadi 22. Aliye kwenye 15 yumo ndani ya mpaka wake mwenyewe. Sasa ugeni huo unatoka wapi?

Ripoti yenyewe, kwa maandishi madogo mwishoni, ilidai kutumia “mipaka ya Kimisri.” Lakini kwenye safu ya Zuhura bwana wa mpaka aliandikwa Mshtarii. Hapo nikamkamata. Kuna jedwali la pili, ambalo Ptolemy alilieleza katika karne ya 2 na ambalo William Lilly wa London alifuata mtindo wake katika kitabu chake cha mwaka 1647. Katika jedwali hilo Mbuzi inaanza na Zuhura hadi 6, Zebaki hadi 12, na Mshtarii hadi 19. Digrii ya 15 inaangukia kwa Mshtarii. Programu ilikuwa inapika kwa jedwali moja na kupakua kwa jina la jingine.

Na haikuishia hapo. Katika kuhesabu alama, Lilly humpa bwana mmoja tu wa utatu, yule wa zamu. Ni usiku, kwa hiyo udongo ni wa Mwezi, na Zuhura, bwana wa mchana, hapati kitu. Kwa Dorotheus angebaki na sehemu yake, ingawa si yeye mwenye zamu. Ukichanganya mipaka ya Ptolemy na hesabu ya Lilly, Zuhura anakosa nyumba, utukufu, utatu na mpaka. Uso pia si wake, maana digrii 10 hadi 20 za Mbuzi ni uso wa Mirihi. Ndiyo “mgeni” yule. Hesabu haikuwa mbovu, ila lebo ilidanganya.

Kwa hiyo hii ndiyo mbinu ninayoithamini kuliko hatua zote nilizoahidi: kabla ya kuamini programu yoyote, ijaribu kwa mwanzo wa Mbuzi. Tafuta siku yoyote ambayo sayari iko kwenye digrii ya 3 ya Mbuzi, uone programu inamtaja nani kuwa bwana wa mpaka. Ikisema Zebaki, ni Kimisri. Ikisema Zuhura, ni Ptolemy. Jaribio hilo linachukua dakika chache na halihitaji kozi ya mtu. Mimi hutumia Morinus, ambayo ni ya bure, sura yake haivutii hata kidogo, lakini inakuruhusu uchague jedwali la mipaka mwenyewe. Ningependelea sura mbaya inayosema ukweli kuliko PDF ya rangi saba. Ukinakili jedwali la Kimisri kwa mkono, kama nilivyofanya nyuma ya daftari la madeni ya duka, jumlisha digrii za kila sayari: Zuhura 82, Mshtarii 79, Zebaki 76, Mirihi 66, Zohali 57. Jumla ni 360. Isipotimia, umekosea mstari mahali.

Je, inabadilisha usomaji? Inabadilisha sana, kwa kanuni za fani yenyewe. Usiku ule Mbuzi ilikuwa na sayari tatu: Mirihi digrii ya 5, Zebaki digrii ya 8, Zuhura digrii ya 15. Kwa burji peke yake Mirihi ndiye mkubwa, maana Mbuzi ni mahali pa utukufu wake, na wale wawili ni wapangaji wa Zohali. Kwa mipaka picha inageuka. Mirihi yumo kwenye mpaka wa Zebaki, na Zebaki yumo kwenye mpaka wa Mshtarii. Mirihi ana nguvu lakini anafuata masharti ya mwingine. Zuhura peke yake anajiamulia mambo yake. Isitoshe, digrii iliyokuwa ikichomoza mashariki mwa Nairobi ilikuwa kama ya 10 ya Mashuke, na Mashuke kuanzia 7 hadi 17 ni mpaka wa Zuhura pia. Ukimwita mgeni asiye na hadhi, umemfukuza mwenye sauti juu ya mlango wa ramani nzima.

Mwezi, kwa upande mwingine, sitaupamba. Ulikuwa digrii ya 3 ya Nge, mahali panapohesabiwa kuwa kitovu cha kudhalilika kwake. Ni mshiriki wa utatu wa maji, na hiyo ni nafuu kidogo, si tiba. Dorotheus huchukua mwanga wa zamu, ambao usiku ni Mwezi, na kuwapitia mabwana watatu wa utatu wake kwa zamu kama vipindi vya maisha: hapa Mirihi aliyetukuka, kisha Zuhura aliye mpakani mwake, kisha Mwezi wenyewe. Wapo watakaobandika miaka na majina ya marais kwenye vipindi hivyo. Mimi sibandiki, kwa sababu kipindi cha nchi hakina urefu unaojulikana, na anayebandika baada ya tukio hawezi kushindwa.

Hatua ya nne ilikuwa iwe kukagua saa, na hapa kwetu ndiyo yenye mitego. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu wa upande wa Kaplong, aliniletea saa ya kuzaliwa ya bintiye: “saa moja asubuhi.” Muuzaji mmoja alikuwa ameandika 1:00 badala ya 7:00, na ramani ya mchana ikawa ya usiku. Mabwana wote wa utatu wakahama, na digrii inayochomoza, ambayo huku karibu na ikweta husogea kama digrii moja kila dakika nne, ikaruka takriban burji tatu. Sayari zenyewe hazikusogea sana. Hata Mwezi huenda kama nusu digrii tu kwa saa, kwa hiyo mipaka ya sayari nyingine ilibaki palepale.

Kigumu zaidi ni aliyezaliwa “saa kumi na mbili na nusu.” Sotik Jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 12:50 asubuhi, kutegemea mwezi wa mwaka, kwa hiyo mtoto huyo anaweza kuwa wa usiku Februari na wa mchana Novemba. Nikimpata wa namna hiyo huangalia kwanza saa ya kuchomoza kwa tarehe yake. Ikiwa tofauti ni chini ya dakika kumi, na saa yenyewe ilikadiriwa kwa mlio wa jogoo, huchora ramani mbili na kumwambia mzazi wazi ni hadhi zipi zinabaki vilevile kwenye zote mbili. Hizo ndizo ninazosoma.