Vifaa vyako vinashinda kwenye gari? Soma kipengele hiki kabla hujalipia bima

Leo naongea na nyie ambao mtaji wenu unatembea. Wewe unayepiga picha za bidhaa kwa maduka ya Instagram, wewe unayekodisha spika za sherehe, na fundi unayepokea oda mtandaoni halafu unabeba grainda na drili kutoka saiti moja kwenda nyingine. Swali ninaloulizwa sana inboksi ni hili: "Gari langu lina bima kubwa, si inatosha?"

Haitoshi. Bima kubwa inalinda gari na vitu vilivyofungwa kwenye gari. Begi la kamera lililokaa siti ya nyuma siyo sehemu ya gari. Bima ya duka nayo inafuata anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, spika ikishatoka mlangoni kwenda ukumbini imeiacha bima nyuma. Unachohitaji ni bima ya vifaa vinavyohamishika. Ofisini wengi wanaiita "ol risksi", yaani kinga ya majanga yote, na inakifuata kifaa popote ndani ya mipaka iliyotajwa. Ila jina lisikupumbaze. Kuchakaa, kifaa kuungua chenyewe kwa hitilafu ya ndani, au kitu kupotea tu bila kujua kimepoteaje, kwa kawaida havimo.

Mimi nakodisha vyombo vya muziki hapa Dar, na kila mwaka kabla ya kulipia upya huwa nasoma mkataba mstari kwa mstari. Mstari ninaokaa nao muda mrefu kuliko yote ni ule wa gari lililoachwa bila mtu. Maneno yanatofautiana kampuni na kampuni, ila mara nyingi wanataka hivi: milango iwe imefungwa na vioo vimepandishwa, kifaa kisionekane kwa nje bali kiwe kwenye buti iliyofungwa, na wizi uache alama za kuvunja. Baadhi ya mikataba inaongeza usiku: kuanzia saa fulani ya usiku mpaka asubuhi hakuna kinga kama gari halipo ndani ya uzio uliofungwa.

Sasa angalia magari yetu. Kipengele hicho kinaendana na gari dogo lenye buti yake pembeni. Wangapi kati yetu tunabeba mzigo na gari hilo? Noah haina buti, nyuma yote ni kioo na mtu akichungulia anaona spika zimejipanga. Kirikuu ndiyo kabisa, turubai na kamba. Bajaji ya mizigo usiseme. Kwa hiyo unaweza kulipa ada mwaka mzima kwa sharti ambalo gari lako haliwezi kulitimiza hata ukitaka. Halafu kuna la rimoti. Umebonyeza, umeondoka, kumbe gari halikufunga, au kuna mtu karibu ana kifaa cha kuzuia mawimbi ya rimoti. Ukirudi kitasa kizima, kioo kizima, begi hakuna. Ukiulizwa alama ya kuvunja, utaonyesha nini? Ndiyo maana mimi nikibonyeza rimoti lazima nivute kitasa kwa mkono.

Dawa yake ni kuongea kabla ya kulipa, na jibu liwe kwa maandishi. Mtumie wakala ujumbe wa namna hii: "Vifaa vyangu vinasafiri kwa Noah isiyo na buti. Nikiviacha nimevifunika, milango imefungwa, nitalipwa vikiibwa? Na usiku gari likilala ndani ya geti nyumbani? Naomba jibu liingizwe kwenye mkataba kama kiambatisho." Akijibu kwa mdomo tu kwamba "hiyo haina shida bosi", shida ipo. Siku ya madai anayeamua siyo yeye. Wakati mwingine kampuni itakubali kwa sharti la kuweka boksi la chuma lenye kufuli lililofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Kwa fundi wa saiti hilo boksi linafaa hata bila bima.

Jambo la pili ni thamani unayoandika. Kuna mpiga picha za bidhaa ninayemfahamu, vifaa vyake vyote vilikuwa na thamani ya shilingi milioni 10. Ili ada ipungue, akaandika kwa mkupuo "vifaa vya picha, milioni 6". Kioo cha gari kikavunjwa mchana, zikaondoka lenzi na flashi za milioni 2 na nusu. Yeye alijua milioni 2 na nusu iko ndani ya milioni 6, basi atalipwa yote. Hapana. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: umekatia bima asilimia 60 ya mali, basi kila hasara unalipwa asilimia 60. Ikawa 1,500,000. Hapo ikatolewa asilimia 10 ambayo mkataba wake unasema mwenye mali anabeba mwenyewe, akapokea 1,350,000. Angeandika milioni 10 kamili angepokea 2,250,000. Na kwake kiwango kilikuwa asilimia 2.5, kwa hiyo alichookoa kwenye ada ni laki moja, pamoja na VAT laki na elfu 18. Kwa hiyo laki na elfu 18 imemgharimu laki 9.

Usiandike mkupuo. Orodhesha kifaa kimoja kimoja, jina, modeli, serial namba, na bei ya kukinunua leo, siyo bei uliyopata kwa bahati miaka mitatu iliyopita. Uliza pia wanalipa bei ya kipya au wanakata uchakavu, maana jibu hilo ndilo linaloamua uandike thamani gani. Ukinunua kifaa kipya katikati ya mwaka, kiongeze kwenye orodha siku hiyohiyo.

Najua wengi mmenunua mtumba bila risiti. Andikishaneni mauziano na muuzaji, tunza ujumbe wa malipo ya simu, piga picha kibandiko cha serial namba na ujitumie kwenye imeili. Wapiga picha mna bahati: kamera nyingi zinaandika serial namba yake ndani ya kila faili la picha, kwa hiyo hata kama boksi limetupwa, picha ya harusi ya mwaka jana inaweza kuthibitisha kamera ilikuwa yako.

Wizi ukitokea, usifagie vioo kwanza. Piga picha mlango, kioo, na mahali kifaa kilipokuwa, halafu nenda polisi siku hiyohiyo uchukue RB, na hakikisha maelezo yanasema gari lilivunjwa wapi na vipi. Neno "kupotelewa" kwenye maelezo ya polisi wakati umeibiwa kwa kuvunjiwa linaweza kukusumbua baadaye. Kampuni ya bima ipigie kabla hujapeleka gari kwa fundi wa vioo.

Na nyie mnaokodisha kama mimi, mteja akichukua spika kwa hiari yako asirudi nayo, mikataba mingi haihesabu huo kuwa wizi, maana ulimkabidhi mwenyewe. Wengine hawalindi kabisa kifaa kilichokodishwa bila mtu wako kuwepo. Ndiyo maana kwangu spika haitoki bila kijana wangu kwenda nayo, na mteja anayetaka kuchukua mwenyewe anaacha nakala ya NIDA na amana.