SOMO: KOVU LA KAWAIDA NA KOVU LINALOVUKA MPAKA

Watu wa kando ya ziwa letu, toka Kiliba mpaka Makobola, wana makovu ya namna nyingi. Wengine walikatwa na jembe au panga, wengine waliungua kwa mafuta ya moto, wengine walitobolewa masikio, na wengine walichanjwa kwa wembe. Kwa watu wengi kovu linalala na kusahauliwa. Lakini kwa wengine linainuka, linakuwa gumu, linawasha, na halikomi kukua. Ndipo maneno yanaanza: huyu amelogwa, huyu ana kansa, huyu ana ukoma. Tujifunze kupambanua, kwa maana kovu moja linataka kuachwa tu, na lingine likikatwa ovyo linarudi na ukubwa kuliko mbele.

1. Namna kidonda kinavyopona

Ngozi ikikatwa, mwili unatengeneza nyuzi nyingi za kuunganisha pande mbili, kama mvuvi anavyoshona wavu uliopasuka. Kwanza nyuzi hizi ni nyingi na zimepangwa bila utaratibu, kwa hiyo kovu jipya ni gumu na limeinuka kidogo. Halafu, mwezi kwa mwezi, mwili unapunguza nyuzi zilizozidi na kunyosha zinazobaki. Kazi hiyo inaweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Mwisho wake kovu ni laini na limelala.

Mara nyingine mwili unazidisha nyuzi kwa muda. Kovu linainuka kama kamba, lakini linakaa palepale penye jeraha, na baadaye linashuka lenyewe. Hili tuliite kovu nene.

Na mara nyingine mwili hausikii alama ya kuacha kazi. Unazidi kutengeneza nyuzi hata jeraha limekwisha kufungwa, na kovu linaingia katika ngozi nzima ambayo haikuumizwa. Hili ndilo keloidi. Mganga Alibert wa Paris aliandika habari zake mwaka 1806, akalipa jina linalofanana na kansa. Baadaye alibadili jina kwa sababu aliona si kansa. Akachagua jina la magando ya kaa, kwa kuwa kovu hili linanyosha vidole vyake katika ngozi ya pembeni, kama kaa anavyonyosha magando yake.

2. Watoto wawili wa nyumba moja

Tufikiri nyumba moja ya Kalundu. Wakati wa mafuriko ya mwezi wa 4 mwaka 2020, maji ya Mulongwe yalipobomoa manyumba ya Uvira, kijana wa nyumba hiyo alikatwa na bati kwenye mguu. Jeraha lilikuwa na urefu wa kidole. Lilipofungwa, katika mwezi wa pili kovu liliinuka na kuwasha. Mama yake aliogopa. Lakini kovu halikupita urefu wa kidole kile. Baada ya miezi 6 liliacha kuinuka, na baada ya mwaka mmoja na nusu lilikuwa karibu kulala. Hilo lilikuwa kovu nene. Halikutaka kukatwa, lilitaka saburi.

Dada yake, mwenye miaka 14, alitobolewa masikio kwa sindano. Tundu lilipona vizuri, bila usaha. Miezi 5 ikapita, ndipo nyuma ya sikio la kushoto kikatokea kivimbe kama punje ya mahindi. Baada ya mwaka kilikuwa kama karanga yenye ganda, nacho kinawasha usiku. Angalia tofauti: tundu lilikuwa dogo kama ncha ya sindano, lakini kovu limekuwa kubwa mara nyingi kuliko tundu. Tena lilianza kwa kuchelewa, na halikushuka. Hilo ni keloidi.

Jirani mmoja alilikata kwa wembe. Nyumba yote ilifurahi miezi michache. Halafu kovu lilirudi, likawa kubwa kuliko la kwanza. Sababu ni nyepesi: kukata ni jeraha jipya, na mwili ule ule uliozidisha nyuzi kwa tundu la sindano utazizidisha zaidi kwa jeraha la wembe.

3. Alama za kutazama

Kumbuka mahali jeraha lilipofika siku ile ya kwanza, ukaulize: kovu limevuka mpaka huo? Kama halikuvuka, ni kovu la kawaida au kovu nene. Kama limevuka, na linaendelea baada ya mwaka, fikiri keloidi. Keloidi inapenda ndewe za masikio, kifua katikati, mabega, shingo na taya. Inapatikana zaidi kwa vijana, na mara nyingi mzazi au ndugu anayo pia. Haiambukizi.

Lakini si kila kivimbe ni keloidi. Vivimbe vikitokea katika masikio yote mawili pasipo jeraha, na nyusi zikipunguka, au mahali pa ngozi pasisikie mguso, nenda upimwe ukoma; dawa yake ipo na inaponya. Na kama kovu la zamani la moto limepasuka kuwa kidonda kisichopona kwa miezi 3, usikae nyumbani. Hapo kansa inaweza kuanza.

4. Dawa yake na kiasi cha nguvu zake

Hospitalini mganga anaweza kupiga sindano ya triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe. Inarudiwa kila majuma 4 mpaka 6, mara kadhaa. Kwanza kuwasha kunapunguka, halafu kovu linalainika na kushuka. Sindano inauma, na ngozi ya mahali pale inaweza kuwa nyembamba au nyeupe kidogo. Mwanamke mwenye mimba na mgonjwa wa sukari wamwambie mganga mbele.

Kovu kubwa la sikio linaweza kukatwa na mganga, lakini si kukata peke yake. Baada ya kukata, sindano zinaendelea, au mgonjwa anavaa kibanio cha kukandamiza ndewe saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 6 au zaidi. Hata hivyo linaweza kurudi. Kwa hiyo mgonjwa anaonekana tena kwa muda wa miaka 2, na likianza kuinuka linapigwa sindano lingali dogo. Maji ya betri, majani makali na moto ni majeraha mapya tu.

5. Kuzuia

Kama katika jamaa yenu kuna keloidi, msitoboe masikio, wala kuchanja ngozi kwa urembo. Hatari inazidi kwa wanaotobolewa baada ya miaka 11. Herini za kubana bila tundu zinafaa. Kama sikio moja limeota keloidi, usitoboe lingine. Lakini usikatae chanjo wala upasuaji unaohitajiwa kuokoa maisha. Mjulishe mganga tu kwamba ngozi yako inaota makovu.

Maulizo
1. Kovu nene na keloidi vinatofautianaje kwa mpaka na kwa muda?
2. Kwa nini wembe wa jirani uliongeza kovu la msichana?
3. Ni alama gani zinazoonyesha kwamba kivimbe cha sikio kinaweza kuwa ukoma?
4. Nani katika nyumba yako asitobolewe masikio, na kwa nini?