SOMO: TUSOME KARATASI YA HOSPITALI

Tulikuwa Kwa Sadala na wanakisomo wenzetu. Mama mmoja akatuonyesha karatasi. Mume wake alilazwa kwa malaria kali, akachomwa sindano. Jumanne hiyo asubuhi alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani na pakiti ya dawa ya mseto. Karatasi ilisema hivi:

"ALu 4 x 2 x 3. Baada ya chakula. Rudi hali ikibadilika."

Mama huyo anajua hesabu. Alizidisha, akapata 24. Akauliza, "Mwalimu, ndiyo kusema mzee ameze vidonge 24 leo?"

La, hasha! Hiyo 24 ni vidonge vyote vya pakiti. Namba ya kwanza ni vidonge vya kumeza kwa mara moja. Ya pili ni mara ngapi kwa siku. Ya tatu ni siku ngapi.

Alikuwa amemeza vidonge 4 vya kwanza hospitali, saa 4 asubuhi. Mara ya pili huwa baada ya saa 8. Kisha ni asubuhi na jioni. Tukaandika upya, jambo moja kila mstari:

Jumanne saa 4 asubuhi: vidonge 4. Tayari.
Jumanne saa 12 jioni: vidonge 4.
Jumatano saa 12 asubuhi: vidonge 4.
Jumatano saa 12 jioni: vidonge 4.
Alhamisi saa 12 asubuhi: vidonge 4.
Alhamisi saa 12 jioni: vidonge 4. Pakiti imekwisha.

Akimeza, mama anatia alama kwenye mstari. Hata akipata nafuu Jumatano, asiache. Vidonge vikibaki Alhamisi usiku, ujue kuna mara iliyorukwa. Hesabu hii ni ya mtu mzima. Mtoto hupimwa uzito kwanza.

"Baada ya chakula" ni chakula gani? Dawa hii huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta. Tukaandika: "Kwanza kula machalari, au parachichi, au kunywa kikombe cha maziwa." Akitapika kabla ya nusu saa kwisha, ameze tena vidonge 4, kisha aende zahanati kuongezewa, maana pakiti itapungua.

"Hali ikibadilika" ndiyo ilitusumbua zaidi. Mama alidhani ni homa tu. Tukamwuliza mganga wa zahanati, nasi tukaandika: "Rudi hospitali mara moja akitapika kila kitu, akipata degedege, au akishindwa kuamka. Rudi pia akiwa na macho ya manjano, mkojo mweusi kama kahawa, au akichoka na kuhema." Baada ya sindano ile damu yaweza kupungua, hata wiki 1 hadi 4 baadaye. Basi mama aendelee kumwangalia mwezi mzima.

Mwisho tulifunika karatasi, mama akatueleza yote kwa maneno yake. Alisahau maziwa tu. Tukarudia.

MASWALI
1. Karatasi inasema 2 x 3 x 5. Utameza vidonge vingapi kwa mara moja? Mara ngapi kwa siku? Siku ngapi?
2. Mgonjwa ana mkojo mweusi wiki 2 baada ya kutoka hospitali. Afanye nini?