Akiba ya 45,000 inayokugharimu 33,750

Ukiajiriwa, mshahara wa kwanza utakuja na karatasi yenye makato mengi, na wengi huishia kutazama mstari wa mwisho tu, ule wa "mkononi umebaki na nini". Leo tuangalie mstari mmoja wa katikati: mchango wa pensheni.

Tuchukue mwalimu aliyepangiwa shule ya serikali hapa Sumbawanga, mshahara wa msingi 900,000 kwa mwezi. PSSSF inamkata asilimia 5, yaani 45,000, na mwajiri anaongeza asilimia 15. Sasa zingatia mpangilio wa makato. Hiyo 45,000 inatolewa kabla kodi ya PAYE haijapigwa, kwa hiyo TRA haihesabu kodi kwenye 900,000 bali kwenye 855,000.

Kwa viwango vya Tanzania Bara, mshahara ulio kati ya 760,000 na 1,000,000 unatozwa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kwenye 900,000 kodi ingekuwa 103,000. Kwenye 855,000 inakuwa 91,750. Tofauti ni 11,250. Mwalimu ameweka 45,000 kwenye mfuko, lakini mkononi amepungukiwa 33,750 tu. Ile nyingine ingekwenda kwenye kodi hata asingeweka akiba.

Linganisha na mkato mwingine tunaoujua wote, deni la Bodi ya Mikopo. Asilimia 15 ya mshahara, yaani 135,000, lakini hii haipunguzi kodi hata shilingi. Inatoka kwenye pesa ambayo imeshatozwa. Karatasi ni moja, lakini makato hayana tabia moja.

Twende kwenye hiari. Mwalimu wetu anaona pensheni haitamtosha, anataka kujiongezea 50,000 kila mwezi. Akisubiri mshahara uingie benki kisha aitume mwenyewe kwa simu, ametuma pesa iliyokwisha kukatwa PAYE. Hiyo 50,000 inamgharimu 50,000 kamili. Kama mchango ungekubalika kukatwa kabla ya kodi, ungemgharimu 37,500. Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu yoyote ya mpango wa hiari, swali la kumuuliza afisa utumishi ni moja: hii itakatwa kabla ya PAYE au baada? Halafu usiridhike na jibu la mdomo. Mwezi unaofuata angalia karatasi ya mshahara. Kama mstari wa PAYE haujashuka, nafuu hujaipata.

Majirani zetu Kenya wameliandika jambo hili kwa uwazi zaidi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango kwenye mfuko uliosajiliwa unapunguza mapato yanayotozwa kodi hadi shilingi 30,000 za Kenya kwa mwezi. Zamani kikomo kilikuwa 20,000. Lakini hapo kuna mtego. Kinachokubaliwa ni kiasi kidogo kuliko vyote kati ya vitatu: ulichochanga kweli, asilimia 30 ya mshahara wa pensheni, au hizo 30,000. Na NSSF ya lazima imo humo humo. Mfanyakazi wa Nairobi mwenye mshahara wa 80,000 kikomo chake ni 24,000, siyo 30,000. Kwa viwango vya 2025 NSSF ilimkata 4,320, ikabaki nafasi ya 19,680. Akiongeza 10,000 kwa hiari, yupo kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 30, basi zinamtoka mfukoni 7,000. Akijifanya shujaa akaongeza 25,000, zile 5,320 za juu zinatozwa kodi kama kawaida.

Sasa turudi kwetu Ufipa, maana hapa mtu atauliza: kwa nini nisinunue mahindi wakati wa mavuno, niyahifadhi, niuze yakipanda bei? Swali zuri kabisa. Mahindi unaweza kuyauza mwezi wowote ukipata msiba au ada. Pesa ya pensheni kwa kawaida unaifikia kuanzia miaka 55 ya kustaafu kwa hiari, au 60 kwa lazima. Nafuu ya kodi ndiyo malipo ya kukubali kufungiwa hivyo. Kama karatasi ya mshahara inaonyesha hakuna nafuu, basi umekubali kufungiwa bila malipo hayo, na faida ya mfuko peke yake ndiyo ishindane na gunia la mahindi.

Tena nafuu haimfikii kila mtu sawasawa. Inafuata ngazi ya juu ya kodi unayolipa. Anayelipwa milioni moja na nusu, kila 10,000 inayokatwa kabla ya kodi inamgharimu 7,000. Wa 400,000 inamgharimu 9,200. Na kijana anayeuza duka pale mjini kwa 250,000 halipi PAYE kabisa, kwa kuwa kodi huanza baada ya 270,000. NSSF ikimkata asilimia 10, ile 25,000 inamtoka yote. Huyo bado ana mchango wa mwajiri wake, lakini kwa akiba ya hiari, kwa upande wa kodi, kuweka kwenye mfuko na kuweka kwenye mahindi ni sawa tu.